Karatasi Chini ya Mlango wa Studio

Kabla sijaanza kuandika hadithi nilikuwa napokea matangazo ya vifo. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya mshahara, katika kituo kidogo cha redio mjini Bukoba, na nilikaa kwenye meza iliyoangalia mlango wa nje, ili anayeingia anione mimi kwanza. Watu walikuja na macho mekundu na karatasi zilizokunjwa mara nne. Niliwapa kiti. Niliwapa fomu. Mara nyingi niliwaandikia mimi mwenyewe, kwa sababu mkono wa mtu aliyefiwa hauandiki vizuri.

Nilikuwa naipenda kazi hiyo kwa namna ambayo sikuweza kuieleza nyumbani. Kila tangazo lilikuwa na mistari minane au kumi, na ndani yake alikuwamo mtu mzima: alikozaliwa, alikoolewa, watoto wake wako wapi. Geita, Mwanza, Karagwe, Dar es Salaam. Nilikuwa naona jinsi familia moja inavyotawanyika kama punje za kahawa zilizomwagika kwenye mkeka, kisha kwa dakika moja redio inazikusanya. Katika mkoa wetu watu hawasikilizi matangazo ya vifo kwa kupenda misiba. Wanasikiliza ili wasikose kuzika.

Matangazo hayo yalisomwa mara tatu kwa siku: saa mbili asubuhi, saa sita na nusu mchana, na saa moja jioni. Nje ya nyakati hizo hayakuingia hewani bila saini ya mkuu wa vipindi. Sheria hiyo ilikuwa na sababu yake. Miaka michache kabla sijaajiriwa, mtangazaji aliletewa karatasi moja kwa moja studio, akaisoma, na jioni yake marehemu akaja mwenyewe kituoni kwa miguu, mzima kabisa, akiwa na hasira na fimbo. Tangu hapo kila tangazo lilipaswa kuja na barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji, kupita mezani kwangu, kugongwa muhuri wa saa niliyolipokea, na kusomwa kwa wakati wake. Mimi nilikuwa idara ya matangazo. Muda wa hewani ulikuwa wa idara ya vipindi. Sikuwa na amri hata juu ya dakika moja ya ratiba yao, na hilo nililijua vizuri kuliko nilivyojua namba yangu ya simu.

Jumanne moja, zikiwa zimebaki dakika tano kufika saa saba mchana, aliingia mwanamume wa makamo aliyevaa kofia ya viua na shati lenye vumbi la saruji. Alikuwa fundi uashi. Nadhani habari ilimkuta juu ya ngazi. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya nyumbani, akaketi, halafu akaniambia kwamba mama yake amefariki.

"Pole sana kaka," nikasema. "Lini?"

"Saa tano hii hii. Nimetoka kwa mwenyekiti wa mtaa, barua hii hapa." Aliinyoosha karatasi juu ya goti. "Dada yangu yuko Muleba, Buganguzi. Ndiye aliyekuwa anamuuguza mama. Miezi miwili amekaa hapa, Ijumaa mama akamwambia mwenyewe, nenda kaangalie kahawa yako, umeiacha inaanguka chini. Akaenda. Simu yake haipatikani tangu jana. Mume wake amekwenda Mwanza kuchukua bidhaa za duka, naye hapokei. Sina namba nyingine ya huko."

"Redio anayo?"

"Redio yake haizimwi mpaka betri zife. Mama alikuwa anamtania, anamwambia umeolewa na wawili."

Alitabasamu kidogo aliposema hivyo, akajifuta uso kwa kiganja, na vumbi la saruji likabaki shavuni.

Alinieleza mambo yalivyopangwa. Mama yao angeoshwa saa tisa na nusu. Saa kumi jeneza lingetoka nyumbani kwenda msikitini, aswaliwe baada ya alasiri, kisha makaburini. Kwetu Waislamu wanawake hatuendi makaburini. Binti humuaga mama yake ndani ya nyumba, na akipenda, akiweza, huwa miongoni mwa wanaomwosha. Mama huyo alikuwa amesema mara nyingi wakati wa ugonjwa kwamba aoshwe na binti yake, kwa sababu ndiye anayeujua mgongo wake unauma wapi.

"Kutoka Buganguzi ni mwendo wa saa mbili," akasema. "Bodaboda mpaka barabarani, halafu gari. Akisikia kabla ya saa nane, anawahi kumuaga."

Niliangalia saa ya ukutani. Matangazo ya mchana yalikuwa yameisha muda mfupi kabla. Yaliyofuata yalikuwa ya saa moja jioni. Nilimwandikia fomu, nikagonga muhuri: saa saba kamili.

Aliuliza kama angeweza kungojea nje. Kulikuwa na benchi ukutani, chini ya spika iliyokuwa ikirusha matangazo yetu kwa wapita njia. Alitaka kulisikia tangazo kwa masikio yake, ndipo arudi msibani.

Kwanza nilimpigia meneja wangu, aliyekuwa Karagwe siku hiyo akitafuta wateja. Alipokea huku upepo ukivuma kwenye simu.

"Mpelekee mkuu wa vipindi," akasema. "Ila, mwanangu, nenda taratibu. Unajua wiki iliyopita tulivyokorofishana. Usimwambie lazima. Usimwambie haraka. Vipindi si vyetu. Mwombe kwa adabu, yeye ni mtu mzima, ataelewa."

Nilijua. Wiki iliyopita idara yetu ilikuwa imeingiza tangazo la mabati katikati ya kipindi cha afya bila kumuuliza, na mkuu wa vipindi alikuwa amesimama kwenye korido akasema, kwa sauti tulivu iliyotuumiza zaidi kuliko kelele, kwamba labda sisi tuje tuendeshe na vipindi, naye aende kwao Maruku akapalilie migomba. Alikuwa mwalimu kabla ya kuja redioni. Sote tulimwita Mwalimu, na mbele yake sote tulikuwa darasa la nne.

Taarifa ya habari ilipoisha nilichungulia studio ya matangazo ya moja kwa moja. Mtangazaji wa zamu alikuwa kijana wa rika langu, rafiki yangu wa kula mihogo. Kipindi kilikuwa cha salamu. Aliweka muziki, akavua vipokea sauti masikioni.

"Nisomee hili," nikamwambia. "Mistari minane tu. Wanazika leo."

Alilisoma lote, midomo ikicheza. "Saini ya Mwalimu iko wapi?"

"Anarekodi."

"Dada yangu, nikilisoma hili bila saini, kesho mimi na wewe tutakuwa wasikilizaji. Tena wasikilizaji wasio na hela ya betri." Halafu akaacha utani. "Nenda kamwombe. Akisema ndiyo, nakatisha wimbo wowote, hata akiwa anaimba baba yangu."

Hakuwa na kosa. Na mimi sikuwa na haki ya kumtia hatarini kwa ajili ya kitu ambacho mtu mwenye mamlaka nacho alikuwa mlango wa pili.

Mwalimu alikuwa studio ya kurekodia na mgeni, mtaalamu wa migomba wa kutoka kituo cha utafiti, wakizungumzia ugonjwa wa mnyauko. Taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango. Taa ile ikiwaka, mtu hagongi, hafungui, hakohoi. Kulikuwa na dirisha la kioo, na kulikuwa na njia moja tu iliyokubalika: kupitisha karatasi chini ya mlango, fundi mitambo aliyekaa karibu aiokote na kumpelekea.

Nikarudi mezani kuandika karatasi hiyo. Ninaikumbuka neno kwa neno. Nimeandika mengi tangu siku ile, na sidhani kama kuna niliyoyaandika kwa uangalifu zaidi.

"Mheshimiwa Mkuu wa Vipindi, shikamoo. Natumaini kazi inaendelea vizuri. Naomba radhi sana kwa kukusumbua ukiwa studio, na ninatambua kwamba ratiba ni ya idara yako. Kuna tangazo la kifo lililofika baada ya muda wake. Familia ni ya hapa mjini, na mazishi ni baada ya alasiri. Wanaomba, nami naomba kwa niaba yao, kama utaona inafaa, lisomwe kabla ya saa moja jioni. Samahani sana kwa usumbufu."

Mwanzo nilikuwa nimeandika "lisomwe kabla ya saa nane mchana, tafadhali." Nikaitazama. Niliona jinsi itakavyoonekana machoni pake: msichana wa matangazo anampangia Mwalimu saa. Nikachukua karatasi nyingine nikaandika upya, na saa nane haikuwamo tena. Nilijiambia haina haja. Nilikuwa nimeandika baada ya alasiri. Kwangu mimi, niliyezaliwa na kukulia karibu na msikiti, mtu akifa asubuhi huzikwa jioni ile ile, na kuandika "leo" ni kama kuandika kwamba maji yamelowa.

Nikaipitisha chini ya mlango ilipofika saa saba na dakika ishirini. Kupitia kioo nilimwona fundi mitambo akiiokota, akanyata, akaiweka mbele ya Mwalimu. Mwalimu aliisoma huku mgeni akiendelea kuongea. Aliinua macho, akaniona, akanipungia mkono kwa upole, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaikunja karatasi na kuitia mfuko wa shati.

Nilirudi mezani nikiwa na furaha. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kwamba hakukunja uso. Nilijiona nimeiponya wiki iliyopita kwa maneno yangu mazuri.

Spika ya nje ikaendelea na salamu. Mtu wa Kaagya akamsalimia shemeji yake. Mwanafunzi akawasalimia walimu wote isipokuwa wa hesabu. Wimbo ukaisha, ukaanza mwingine. Saa saba na nusu nikajiambia anamalizia swali. Saa nane kasoro dakika ishirini nikajiambia wanasubiri wimbo uishe. Nilisimama mara mbili na mara mbili nikaketi. Mtu ameshakukubalia kwa mkono na kwa kichwa. Ukimrudia, unamwambia nini, kwamba humwamini? Nilijua uzito wa kumrudia mkubwa kwa jambo lile lile. Nikangoja kwa heshima. Nikangoja na mikono juu ya mapaja kama mtu aliye msikitini.

Mama wa mapokezi, aliyekuwa akimenya chungwa, aliniangalia.

"Wewe leo una nini? Kiti kina siafu?"

"Nasubiri tangazo lisomwe."

"Si umeshampa Mwalimu? Basi. Waitu, mtu mzima haambiwi mara mbili." Waitu ni neno letu la Kihaya la kumpa mtu heshima, hata unapomsuta.

Saa nane kamili yule fundi uashi aliingia. Hakulalamika. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Dada, samahani nakusumbua. Bado sijalisikia. Au lilisomwa nilipokwenda kujisaidia?"

Alikuwa ameniomba samahani. Mtu ambaye mama yake amelazwa nyumbani akisubiri maji ya kuoshwa, ananiomba mimi samahani. Niliisikia sauti yangu mwenyewe katika sauti yake, adabu ile ile iliyopinda mgongo, na nikaogopa.

Nikachukua karatasi kubwa, nyuma ya kalenda ya zamani, na kalamu nene. Sikuandika shikamoo. Niliandika: "MAREHEMU ANAOSHWA LEO SAA TISA NA NUSU. BINTI YAKE YUKO BUGANGUZI, HAJUI. NAOMBA UAMUZI WAKO SASA." Nikaenda mpaka kwenye kioo, nikaishika kifuani kwa mikono miwili. Sikugonga. Nilisimama tu, nikainamisha kichwa kidogo, kama ninavyowasalimia wakubwa.

Mwalimu aliinua macho. Nadhani alisoma kwa sekunde mbili. Alimwinulia mgeni kiganja, akavua vipokea sauti, na taa nyekundu ikazimika. Akafungua mlango.

"Leo?" akasema. "Wanazika leo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Amefariki saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi."

Aliitoa ile karatasi ya kwanza mfukoni, akaikunjua, akaipitia upesi kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayetafuta kosa katika insha. Sikumwona akikasirika.

"Umeandika baada ya alasiri. Sisi kwetu mtu akifa leo tunalala kwenye matanga, tunazika kesho mchana au kesho kutwa. Nikajua ni kesho. Nikasema nikimaliza hapa nitalipatia nafasi ya saa kumi na mbili, kabla ya wengine, wasikie wote." Akaondoka akitembea, nami nikimfuata nyuma. "Binti yangu, umeniomba radhi mara mbili na hukuniandikia 'leo' hata mara moja."

Aliingia studio ya moja kwa moja. Mtangazaji alimwona, akaushusha wimbo katikati ya neno. Mwalimu alitia saini kwenye fomu akiwa amesimama, ukuta ndio meza. Halafu hakumwachia kijana asome. Aliketi mwenyewe, akaivuta maiki, na kwa sauti ile tuliyoiogopa kwenye korido akasoma tangazo lote, taratibu, na alipofika mwisho akalirudia tena tangu mwanzo.

Ilikuwa saa nane na dakika kumi.

Nje, fundi uashi alikuwa amesimama chini ya spika, uso ameuinua. Lilipoisha mara ya pili alikuja dirishani kwangu akasema, "Mungu awalipe," akapanda bodaboda akaenda.

Mwalimu alirudi kwa mgeni wake. Jioni, tulipokuwa tunafunga, alipita mezani kwangu. Nilitegemea anifokee. Alisimama akichezea funguo.

"Nilikuwa naweza kutoka na kuuliza," akasema. "Swali moja tu. Lini? Nimefundisha watoto miaka kumi na minane waulize swali hilo." Akazitia funguo mfukoni. "Wewe heshima yako usiiache. Ni nzuri. Ila siku nyingine saa iwe ya kwanza. Halafu nisalimie chini yake, hata ukurasa mzima, nitausoma."

Binti wa marehemu alikuja wiki iliyofuata, Alhamisi, akiwa njiani kurudi Muleba baada ya hitima ya kwanza. Alikuwa mwanamke mrefu, mtandio mweusi, vidole vimebaki na rangi ya maganda ya kahawa. Aliketi kwenye kiti kile kile alichoketi kaka yake, na kabla sijamuuliza chochote nilimjua, kwa sababu walikuwa na namna moja ya kunyoosha karatasi juu ya goti. Safari hii hapakuwa na karatasi. Alikuwa ananyoosha nguo yake.

"Nasikia mnahifadhi yanayosomwa," akasema. "Mimi nilisikia jina la mama tu. Nilikuwa naanika kahawa uani, redio iko dirishani. Niliposikia jina sikusikia tena. Majirani ndio walionishika. Waliniambia kaka yangu alikuwa ameniandikia maneno. Nataka kuyasikia."

Vipindi vyote kweli vilihifadhiwa, kwenye kompyuta ya idara ya ufundi, na idara ya ufundi haikuwa yangu pia. Mkuu wao alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo alikuwa amelala chini ya meza akiunganisha nyaya, miguu tu ikionekana. Nilichuchumaa.

"Kaka, gari la mama mmoja wa Muleba linaondoka saa tisa. Ni mfiwa. Anaomba kusikia tangazo la mama yake, Jumanne ya wiki iliyopita, saa nane na dakika kumi, halizidi dakika mbili. Najua si kazi uliyopangiwa leo. Kama haiwezekani niambie sasa, nimweleze asikose gari."

Miguu ikajivuta. Kisha ikatoka nje, na yeye nyuma yake.

"Mwite," akasema. Akafuta kiti kwa shati lake la kazi.

Tulimwekea vipokea sauti. Mimi sikusikia kitu, nilimwona tu uso. Lakini nililijua tangazo. Nilikuwa nimeliandika kwa mkono wangu, yeye kaka akinitajia. Nilijua lini anasikia jina la mama, lini anasikia mtaa, na nilijua dakika alipofika kwenye maneno yale: *Kwa mtoto wake wa kwanza aliyeko Buganguzi: mama ataoshwa saa tisa na nusu, njoo, tunakungoja.* Alifumba macho. Mkuu wa ufundi akageuka akaanza kukunja waya ambao ulikuwa tayari umekunjwa.

Alipovua vipokea sauti aliomba kuiona fomu. Nikaileta, kwa sababu ilikuwa haki yake. Aliisoma polepole. Alikuwa amesoma shule, alijua kuzitazama karatasi. Kidole chake kikasimama kwenye muhuri wangu.

"Hii ni saa saba."

"Ndiyo."

"Na hii chini, palipo na saini, ni saa nane na dakika kumi."

"Ndiyo, mama."

"Hapo katikati palikuwa na nini?"

Ningeweza kusema palikuwa na utaratibu. Neno hilo liko tayari siku zote kwenye meza za ofisi, unalichukua kama kalamu. Ningeweza kusema mkuu alikuwa anarekodi, na ingekuwa kweli.

"Palikuwa na mimi," nikamwambia. "Nilikuwa naomba lisomwe. Niliandika vizuri sana, sikuandika kwamba ni leo. Halafu nikangoja kwa sababu niliona aibu kumrudia mkubwa."

Alinitazama. Hakuwa na chuki usoni. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa nayo.

"Tangu saa saba na robo nilikuwa palepale uani," akasema. "Nilikuwa nasikiliza hizo salamu zenu. Kuna mwanafunzi aliwasalimia walimu wote akamwacha wa hesabu, nikacheka peke yangu."

Mkuu wa ufundi akatoka nje taratibu, akauvuta mlango.

Nilimwambia nisamehe. Alisema ameshasamehe, maana mtu asiyesamehe atakaaje na msiba. Kisha, bila kuulizwa, akanisimulia alivyofika. Bodaboda, gari, msururu wa malori barabarani. Aliingia uani saa kumi na nusu na kila kitu kilikuwa kimya, wanaume wote wamekwenda. Wanawake walikuwa wanakausha sakafu ya chumba. Kaka yake alikuwa amewazuia wasimtoe mama, akawazuia mpaka adhana ikaisha, mpaka imamu akatuma mtu, ndipo akakubali.

"Walinipisha niingie," akasema. "Kitanda walikuwa wamekiosha. Kwenye ndoo yalikuwa yamebaki maji kidogo, yana karafuu maiti. Nikatia mkono. Yalikuwa bado vuguvugu."

Alisimama, akajifunga mtandio vizuri, akanishukuru kwa kumsikilizisha. Nilimsindikiza mpaka nje. Gari la Muleba lilikuwa limeshawasha injini, naye alitembea bila haraka, kwa sababu hapakuwa tena na kitu cha kuwahi.